Kabla ya kubadili bodi: uchunguzi wa moduli ya nguvu katika kiyoyozi cha inveta

Kiyoyozi cha inveta kinapogoma kupoza huku feni ya ndani ikiendelea kupuliza na kioo chake kikionyesha alama kama P0 kwa mashine za Midea, H5 kwa zile za Gree au L5 kwa zile za Daikin, mara nyingi mashine inalalamikia sehemu moja tu, nayo ni moduli ya nguvu iliyomo katika yuniti ya nje au mkondo unaopita ndani yake. Alama hizo hazisemi kwamba moduli imeungua. Zinasema kwamba bodi imeona mkondo mkubwa kuliko uliowekewa mpaka, ikajizima. Tofauti kati ya kauli hizo mbili ndiyo inayomtenganisha fundi anayechunguza na fundi anayebadilisha vipuri kwa kubahatisha, na mjini Kigoma tofauti hiyo ina gharama yake, kwa kuwa bodi ambayo haipatikani madukani huagizwa Dar es Salaam, umbali unaozidi kilomita 1,200 kwa reli ya kati, na ikifika ikafungwa ikaungua siku hiyohiyo, mteja hulipa mara mbili na fundi hupoteza jina.

Ili kuelewa kinachoungua, yafaa kufuata umeme unavyoingia. Umeme wa TANESCO wa volti 230, ambao ni mkondo geu kwa maana ya kwamba huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, hupita kwanza kwenye fyuzi na varista, kipande kidogo cha duara kinachojitoa mhanga volteji inaporuka, kisha huingia kwenye daraja la dayodi linaloufanya kuwa mkondo mnyoofu, yaani unaokwenda upande mmoja. Mkondo huo huhifadhiwa katika kapasita kubwa, na hapo volteji haiwi tena 230 bali hupanda hadi kama 325. Mashine zenye sakiti ya kunyanyua volteji huifikisha 350 hadi 390 kompresa inapofanya kazi. Moduli ya nguvu huchukua hazina hiyo na kuikatakata kwa transista sita zilizopangwa jozi tatu, kila jozi ikitoa fezi moja, ili kuunda umeme wa fezi tatu ambao kasi yake hubadilika kadiri chumba kinavyohitaji ubaridi. Kwenye bodi, ncha za hazina huandikwa P kwa chanya na N kwa hasi, na waya tatu zinazokwenda kwenye kompresa huandikwa U, V na W. Herufi hizo tano ndizo msingi wa uchunguzi wote.

Transista hizo haziungui ovyo. Kinachoziua kwa kawaida ni joto lisilopata njia ya kutoka, kompresa inayovuta mkondo kupita kiasi, unyevu au mdudu anayeunganisha ncha mbili zisizotakiwa kukutana, na mruko wa volteji. Fundi aliyejifunzia kazi Dar es Salaam au Unguja huja Kigoma akitafuta chumvi, kwa sababu pwani ya bahari ndiyo inayokula bodi na mapezi ya kondensa, lakini maji ya Ziwa Tanganyika ni baridi, hayana chumvi ya kutafuna shaba namna hiyo. Hapa mashine hukutana na vumbi jekundu la kiangazi, moshi wa majiko, sisimizi na mijusi kafiri wanaofuata joto la bodi usiku, kisha hufuata msimu wa mvua wenye radi nyingi. Wapo pia wanaosingizia mwinuko wa nchi, na hao wanakosea, kwa maana uso wa ziwa uko kama mita 773 juu ya usawa wa bahari, chini ya mita 1,000 ambazo vifaa vingi vya umeme hukadiriwa kuzimudu bila kupunguziwa mzigo.

Umeme wenyewe una historia yake. Kwa miaka mingi mkoa huu uliishi kwa jenereta za dizeli zilizojitegemea, na kuunganishwa na gridi ya taifa kulianza mwaka 2022 kupitia njia inayotokea Nyakanazi. Hata hivyo, kwa yuniti iliyofungwa ukutani, swali haliwi umeme umetoka wapi bali umefika na volti ngapi wakati mzigo unavuta, na hilo haliwezi kujibiwa kwa kupima soketi asubuhi wakati majirani wote wamezima vyao.

Mfano mmoja unaweza kufuatwa hatua kwa hatua. Tuchukue kiyoyozi cha BTU 12,000 katika nyumba ya wageni huko Ujiji, ambacho feni yake ya nje huanza kuzunguka, kompresa hutoa mshituko mdogo kisha hunyamaza, na baada ya majaribio machache kioo huonyesha P0. Breka haikatiki na fyuzi ya bodi ni nzima. Maelezo hayo peke yake tayari yana habari: kama transista za juu na za chini za jozi moja zingekuwa zimeungana zote mbili, hazina ingekuwa imefungwa kati ya P na N, na fyuzi ingekatika papo hapo umeme unapowashwa. Kwa kuwa bodi inaamka, inazungusha feni na inashindwa tu inapojaribu kuiendesha kompresa, kasoro iko ama katika transista moja, ama katika kompresa yenyewe, ama katika sehemu inayopima mkondo.

Hatua ya kwanza baada ya kuzima breka ni kungoja. Kapasita za hazina hubaki na umeme wa kuua kwa dakika kadhaa, na kwa bodi ambayo sakiti zake za kumaliza chaji zimeharibika hubaki nao muda mrefu zaidi, kwa hiyo fundi huondoa kifuniko, huweka maltimita kwenye P na N katika kipimo cha volti za mkondo mnyoofu, na hagusi chochote mpaka asome volti zisizozidi kumi. Chaji ikikataa kushuka, huunganisha globu ya zamani ya utambi ya volti 230 kati ya ncha hizo, iimalize taratibu. Desturi ya kugusanisha ncha kwa bisibisi, ambayo bado inaonekana kwa baadhi ya mafundi, hutoa cheche inayoweza kuyeyusha njia za shaba, na ikimkuta fundi na uso karibu humuumiza. Lipo pia jambo wanalolisahau hata wazoefu: sehemu ya bodi yenye volti 5 na 15 haijatenganishwa na umeme wa njia kuu katika yuniti nyingi, kwa hiyo umeme ukiwapo, hata waya mwembamba wa kihisi cha joto haufai kuguswa.

Kisha waya za U, V na W huchomolewa kutoka kwenye bodi, baada ya kuwekewa alama, kwa sababu zikirudishwa kwa mpangilio tofauti kompresa inaweza kuzunguka kinyume. Kuzichomoa ni lazima, maana nyuzi za mota zina ukinzani mdogo mno hivi kwamba fezi zote tatu huonekana kama kitu kimoja, na transista moja iliyoungua hufanya zote zionekane zimekufa.

Maltimita huwekwa kwenye kipimo cha dayodi. Kila transista ndani ya moduli ina dayodi inayoambatana nayo, na dayodi hupitisha umeme upande mmoja tu, kwa hiyo waya mwekundu wa mita ukiwekwa kwenye U na mweusi kwenye P, mita inapaswa kusoma kati ya volti 0.4 na 0.6, na vivyo hivyo kwa V na W. Kwa upande wa chini, mwekundu huwekwa kwenye N na mweusi huhamishwa kutoka U hadi V hadi W, masomo yakitakiwa kufanana na yale ya juu. Waya zikigeuzwa, mita isisome kitu. Ikionyesha namba inayopanda kisha ikatoweka, hiyo ni chaji inayoingia katika kapasita za hazina na haina maana ya ubovu. Katika mfano huu, U, V na W kwenda P zinasoma 0.45, 0.46 na 0.46, N kwenda U na V zinasoma 0.45 zote mbili. Lakini N kwenda W inasoma 0.00, na waya zikigeuzwa bado ni 0.00. Transista ya chini ya fezi ya W imeungana moja kwa moja. Bodi ilipokuwa ikifungua transista ya juu ya fezi hiyo, hazina nzima ilipata njia ya mkato, kipima mkondo kikaona, na ulinzi ukakata kabla fyuzi haijayeyuka.

Wengi huishia hapa, wakaandika namba ya bodi na kupiga simu Dar es Salaam. Uchunguzi ndio kwanza umefika katikati, kwa kuwa imejulikana kilichokufa lakini haijajulikana kilichokiua.

Mshukiwa wa kwanza ni kompresa. Ukinzani wa U hadi V, V hadi W na W hadi U lazima ulingane, na katika mashine za ukubwa huu mara nyingi huwa karibu na ohmu moja, kiwango ambacho mita ya bei nafuu hukivuruga kwa ukinzani wa waya zake yenyewe. Fundi makini hugusanisha kwanza ncha za mita, akaona 0.2, kisha akaitoa katika kila somo. Katika mfano wetu zimebaki 1.1 kwa jozi zote tatu. Baada ya hapo hupimwa uhami, yaani uwezo wa nyuzi kutovujisha umeme kwenda kwenye mwili wa chuma, na kazi hiyo haifanywi kwa maltimita bali kwa kipimo cha volti 500 ambacho mafundi hukiita mega, tena kikiunganishwa kwenye waya za kompresa zilizochomolewa tu. Kikiguswa kwenye bodi, kitaua kile kilichosalia. Somo la chini ya megaohmu 1 ni la kutia shaka, ingawa kompresa iliyolala muda mrefu hukusanya gesi iliyoyeyuka ndani ya mafuta na husoma chini kuliko hali yake ya kweli, na huhitaji kupashwa joto na kupimwa tena. Hapa mega imesoma zaidi ya 50. Kwa upande wa umeme kompresa ni nzima, ingawa vipimo hivi haviwezi kuona mhimili uliokwama, na hilo litajulikana tu itakapozunguka.

Mshukiwa wa pili ni joto, na ushahidi wake huonekana kwa macho. Moduli hufungwa kwa skrubu mbili juu ya kipozeo cha alumini, na katikati yake hupakwa grisi nyeupe ya kupitisha joto. Bodi inapong'olewa kwenye kipozeo, grisi hiyo husimulia: ikiwa bado laini na imeenea mgongo mzima, joto lilikuwa likitoka vizuri. Katika mfano huu upande wa U umefunikwa na utando mweupe uliokauka kama chokaa ya ukutani, na upande wa W, ambako skrubu ilikuwa imelegea kiasi cha kuzungushika kwa vidole, alumini inang'aa tupu bila hata alama ya grisi. Transista iliyokufa ni ile iliyokuwa juu ya sehemu hiyo tupu. Mapezi ya kipozeo yamejaa vumbi lililogandamana na utando wa buibui, na nyuma ya yuniti kondensa imezibwa na nyuzi za nguo na vumbi, hali inayopandisha presha ya gesi na kuilazimisha kompresa kuvuta mkondo mkubwa zaidi kwa kazi ileile.

Sababu imepatikana, na fundi mwenye haraka angeridhika. Hata hivyo umeme unaoingia bado haujapimwa, na kwa kuwa mashine haiwezi kuvuta mzigo wake, pasi ya wati 1,000 inaweza kuunganishwa kwa muda kwenye swichi ya nje ya kiyoyozi hicho, mita ikiwa imewekwa palepale kwenye ncha. Bila pasi mita inasoma 212. Pasi ikiwaka inashuka hadi 197. Pasi hiyo kwa volteji hiyo huvuta kama ampea 3.7, na waya wa milimita 1.5 za mraba wenye urefu wa mita 30 kutoka ubaoni ungepoteza volti zisizofika 3. Volti nyingine 12 zimepotelea wapi? Ikiwa volteji ubaoni haikushuka pasi ilipowashwa, zimepotelea katika kiungo, na volti 12 mara ampea 3.7 ni zaidi ya wati 40 za joto zinazowaka ndani ya ncha moja ya swichi. Swichi inapofunguliwa plastiki yake imegeuka kahawia na skrubu ya waya wa moto imelegea.

Inafaa kusema wazi kwamba kiungo hicho sicho kilichoiua moduli, kwa kuwa volteji ndogo huumiza zaidi daraja la dayodi na sakiti ya kunyanyua volteji, ambazo hulazimika kuvuta ampea nyingi kutoa nguvu ileile. Lakini kiungo kinachoruka cheche huikatia na kuirudishia bodi umeme mara nyingi kwa dakika, na bodi mpya ingefungwa juu ya ugonjwa huo. Kama aliyehusika angekuwa mruko wa volteji, kwa mfano baada ya radi, alama zingekuwa tofauti: varista ingekuwa imepasuka na kuwa nyeusi, fyuzi ingekuwa imekatika, na mara nyingi moduli ingekuwa nzima. Naye mjusi huacha mifupa yake na alama ya moshi inayopita kati ya ncha mbili.

Ukarabati wenyewe una njia mbili. Kubadili bodi nzima ni rahisi na hupunguza makosa, kwa sharti kwamba namba ya bodi ilingane na yuniti, si kufanana kwa umbo tu; programu ya bodi hubeba tabia za kompresa fulani, na bodi ya kompresa nyingine inaweza kuizungusha kwa mtetemo na mkondo mkubwa mpaka iungue upya. Kubadili moduli peke yake ni nafuu lakini huhitaji mkono: lehemu ya miguu zaidi ya ishirini hunyonywa bila kung'oa njia za shaba, moduli mpya hufungwa kwanza kwenye kipozeo chenye utando mwembamba wa grisi mpya, skrubu zikikazwa kidogo kidogo kwa zamu pande zote mbili, kisha ndipo miguu inapolehemiwa, kwa sababu moduli iliyolehemiwa kwanza halafu ikavutwa kwa skrubu huweza kupasuka ndani bila kuonekana. Rezista inayopima mkondo, ya miliohmu chache, iangaliwe pia, kwa kuwa mara nyingi hufa pamoja na moduli, na ikisahaulika mashine itaendelea kuonyesha P0 ikiwa na moduli mpya kabisa. Moduli za bei ya kutupa, zilizofutwa maandishi na kuandikwa upya, zipo sokoni, na dalili yake ni maandishi yanayofutika kwa spiriti na mgongo wenye mikwaruzo.

Kuwasha kwa mara ya kwanza hakufanywi moja kwa moja. Globu ya utambi ya wati 100 huunganishwa kwa mfululizo kwenye waya wa moto unaoingia, kompresa ikiwa bado imechomolewa. Bodi nzima huifanya globu imulike ghafla wakati kapasita zinajaa, kisha izime au ibaki na wekundu hafifu. Bodi yenye njia ya mkato huifanya iwake kwa nguvu zote bila kufifia, na hapo hakuna kilichoungua zaidi ya subira. Mashine nyingine hazipeleki umeme nje mpaka yuniti ya ndani iamrishe, kwa hiyo globu isiyowaka kabisa haimaanishi bodi imekufa.

Globu hiyo ikiondolewa, globu tatu zinazofanana, zilizounganishwa pamoja kwa ncha moja moja na ncha nyingine zikienda U, V na W, huonyesha kama fezi zote zinatoka: zikimulika sawasawa hata kwa sekunde chache kabla bodi haijalalamika kwamba haioni kompresa, transista zote sita zinaitikia amri. Kipimo hiki kinaona kile ambacho kipimo cha dayodi hakikioni, kwani moduli inaweza kusoma vizuri kwa mita huku viendeshi vyake vya ndani vimekufa. Hakioni, hata hivyo, transista inayovujisha ikishapata moto.

Ndiyo maana kazi hufungwa kwa kuiacha mashine iendeshe kompresa kwa nusu saa nzima, kondensa ikiwa imeoshwa na swichi ya nje imebadilishwa, mita ya kubana ikiwa kwenye waya unaoingia na kipima joto kwenye kipozeo. Mashine ya BTU 12,000 huanza polepole, hupanda hadi ampea nne au tano hivi chumba kikiwa bado na joto, kisha hushuka chumba kinapopoa, na joto la kipozeo hupanda pamoja nayo kisha hutulia. Likiendelea kupanda bila kutulia, grisi haijagusa sawasawa au feni haivuti hewa ya kutosha, na bodi inarudishwa mezani kabla ulinzi wake haujachoka. Likitulia, tundu la waya linazibwa kwa kandiko ili mijusi isiingie, na kilinda volteji chenye kuchelewesha umeme kwa dakika tatu baada ya kukatika hufungwa ubaoni, kiwe cha ampea 16 au zaidi, si kile kidogo kinachouzwa kwa ajili ya friji.